Kwa nini hesabu ya sampuli hubadilika unapotaka kuonyesha kwamba tiba mpya si duni

"Ninaandika itifaki ya jaribio la kulinganisha antibayotiki ya siku 5 na ile ya siku 10 kwa watu wazima wenye nimonia. Siku 10 huponya karibu asilimia 85. Sitarajii siku 5 ziponye zaidi. Nataka tu kuonyesha kwamba hazipungui kwa pointi 10. Niliingiza 85 na 75 kwenye kikokotoo cha kawaida nikapata wagonjwa 331 kila kundi. Mwenzangu amepata 219. Msimamizi wangu anasema mahesabu yote hayo ya nini, tukikosa tofauti ya kitakwimu inatosha. Nimfuate nani?"

Usimfuate yeyote kati yenu watatu, nawe ukiwemo. Namba unayoitafuta, kwa makisio uliyoyatoa, ni 268 kwa kila kundi kabla ya kuongeza watakaopotea njiani. Lakini namba hiyo ikikaa peke yake haitakusaidia mbele ya kamati ya maadili, kwa hiyo twende taratibu.

Nianze na kauli ya msimamizi wako, kwa kuwa ndiyo yenye madhara zaidi. Chukulia mmeajiri wagonjwa 20 tu kila upande. Waliotumia dawa siku 10 wamepona 17, waliotumia siku 5 wamepona 14. Hiyo ni asilimia 85 dhidi ya 70, pengo la pointi 15. Ukifanya jaribio la kawaida la takwimu utaambiwa tofauti si ya maana, na kwa kigezo cha msimamizi wako mmeshinda. Sasa tazama masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya pengo hilo: yanaanzia siku 5 kuwa bora kwa pointi 10 hivi, na kuishia siku 5 kuwa mbaya zaidi kwa pointi 40. Data hizo hazijui lolote. Kukosa ushahidi wa tofauti kumechukuliwa kuwa ushahidi wa usawa, na kadiri jaribio linavyokuwa dogo na ovyo ndivyo "ushindi" wa namna hiyo unavyokuwa rahisi. Mbinu inayomtuza mtafiti kwa kuajiri wagonjwa wachache haiwezi kuwa mbinu sahihi.

Jaribio la kutokuwa duni hugeuza mzigo wa uthibitisho. Katika jaribio la ubora, dai unalojaribu kulikanusha ni kwamba tiba mbili ziko sawa. Hapa dai la kukanushwa ni kwamba siku 5 zinapungua kwa pointi 10 au zaidi. Mpaka data zitakapokulazimisha kuamini vinginevyo, tiba yako fupi inahesabiwa kuwa duni. Kwa vitendo hukumu huwa nyepesi kusoma: unachora masafa ya uhakika ya pengo la uponaji, siku 10 kutoa siku 5, kisha unaangalia ncha ya juu. Ikiwa ncha hiyo iko chini ya 10, umethibitisha. Ikigusa 10 au kuivuka, hujathibitisha, hata kama pengo lenyewe ulilolipima ni pointi 3 tu.

Kuna mfano halisi wa jambo hilo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la kifua kikuu, Study 31, lililoajiri watu 2,516 na kulinganisha tiba mbili za miezi 4 zenye rifapentini na tiba ya kawaida ya miezi 6. Ukomo wa upungufu uliokubaliwa ulikuwa pointi 6.6. Katika kundi la wagonjwa ambao ugonjwa wao ulithibitishwa maabara, tiba yenye rifapentini pamoja na moksifloksasini ilikuwa na pengo la pointi 1.0, masafa yakitoka −2.6 hadi 4.5. Ikapita. Tiba yenye rifapentini bila moksifloksasini ilikuwa na pengo la pointi 3.0, masafa −0.6 hadi 6.6. Haikupita. Kwa kigezo cha msimamizi wako zote mbili zingepita, kwa sababu masafa yote mawili yanabeba sifuri ndani yake. Kwa kigezo sahihi, moja iliingia kwenye matibabu ya wagonjwa na nyingine ikabaki nje.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa matokeo ya kupona au kutopona, idadi ya wagonjwa katika kila kundi ni:

```
n = (za + zb)^2 * [p1(1-p1) + p2(1-p2)] / (D - d)^2
```

Hapa `p1` ni uponaji unaotarajia kwa siku 10, `p2` ni uponaji unaotarajia kwa siku 5, `d` ni `p1 - p2`, yaani pengo unaloamini lipo kweli, na `D` ni ukomo wa upungufu. `za` inatokana na kiwango cha kosa unachokubali, na `zb` inatokana na nguvu ya jaribio. Ukichukua kosa la asilimia 2.5 upande mmoja, `za` ni 1.96, ukichukua nguvu ya asilimia 90, `zb` ni 1.28, jumla yake ikizidishwa kwa yenyewe ni takriban 10.50. Ukiamini tiba zote mbili huponya asilimia 85, mabano ya katikati yanatoa 0.255. Pengo ni sifuri, hivyo umbali uliobaki chini ni 0.10, na mraba wake ni 0.01. Zidisha, gawanya, panda hadi namba nzima: 268.

Katika R ni mistari michache, na nakushauri uiandike mwenyewe badala ya kutegemea kikokotoo ambacho hujui ndani kinafanya nini:

```
za <- qnorm(0.975); zb <- qnorm(0.90)
p1 <- 0.85; p2 <- 0.85; D <- 0.10
v <- p1*(1-p1) + p2*(1-p2)
ceiling((za + zb)^2 * v / (D - (p1 - p2))^2)
```

Ukilinganisha na hesabu ya jaribio la ubora utaona kwamba karibu kila kitu ni kilekile. Kinachobadilika ni sehemu ya chini. Kwenye ubora, chini kuna mraba wa pengo unalotarajia kulikuta: umbali kutoka sifuri hadi ukweli unaoamini. Kwenye kutokuwa duni, chini kuna mraba wa umbali kutoka ukweli unaoamini hadi kwenye ukomo. Ndiyo maana kikokotoo cha ubora kingekukatalia kama ungeingiza 85 na 85. Pengo ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna jibu. Ukaona njia ya kukikwepa ni kuingiza 85 na 75, jambo ambalo wengi hulifanya.

Kosa lililo ndani ya 331 yako ni hili: ulikiambia kikokotoo kwamba ulimwengu unaoutarajia ni ule ambao siku 5 huponya asilimia 75. Lakini huo ndio ulimwengu unaotaka kuuthibitisha kuwa si wa kweli. Nguvu ya jaribio hupangwa kwa ukweli unaouamini, na ukomo hukaa mahali pake pekee. Namba yako imekuja karibu na sahihi kwa bahati tu, kwa sababu umbali wa 10 ulijirudia chini; kilichoipandisha ni ile 75, ambayo hutawanyika zaidi kuliko 85. Kama kweli ungeamini siku 5 huponya 75 na ukomo ni 10, umbali ungekuwa sifuri na hata wagonjwa milioni wasingetosha.

Mwenzako naye ametumia kanuni sahihi, ila kwa kosa la asilimia 5 upande mmoja. Ukiweka `qnorm(0.95)` utapata 219 kama yeye. Hoja yake bila shaka ni kwamba swali lina upande mmoja, basi tutumie asilimia 5 zote upande huo. Tatizo ni kwamba jaribio la ubora la asilimia 5 pande mbili huacha asilimia 2.5 tu upande wa kudai kwamba tiba mpya inafaa. Ukimpa mtafiti wa kutokuwa duni asilimia 5, umempunguzia ukali wa ushahidi maradufu kwa dai ambalo tayari ni dogo zaidi. Mamlaka za dawa kwa kawaida hutaka asilimia 2.5, ambayo ni sawasawa na kusoma ncha moja ya masafa ya asilimia 95. Wapo watafiti wanaotumia 5 na kuitetea. Mimi nisingeitetea katika ugonjwa unaoua.

Hapa pia kuna dhana inayosambaa kwamba majaribio ya kutokuwa duni daima huhitaji watu wengi kuliko ya ubora. Si kanuni. Kama ungetaka kuonyesha kwamba tiba mpya hupandisha uponaji kutoka 85 hadi 95, ungehitaji 184 kila kundi. Kutoka 85 hadi 90, ungehitaji 915. Jaribio lako la ukomo wa 10 linakaa katikati. Ukweli ulio nyuma ya dhana hiyo ni kwamba ukomo unaofaa mara nyingi ni mdogo kuliko faida ambayo tiba mpya kabisa huahidi, na umbali unapungua kwa mraba. Ukomo ukiwa 5 badala ya 10, 268 inageuka 1,072. Nusu ya umbali, mara nne ya wagonjwa.

Kwa hiyo swali zito kwako ni hili: pointi 10 mlizipata wapi? Nimeona itifaki nyingi ambamo ukomo ulianzia kwenye bajeti: wana fedha za wagonjwa 600, wanarudi nyuma hadi wapate ukomo unaotoshea. Msomaji makini huliona hilo haraka.

Ukomo una misingi miwili. Wa kwanza ni wa kihistoria: tiba ya siku 10 yenyewe inazidi kutotibu kwa kiasi gani? Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, tafiti za nyuma zikiunganishwa zinaonyesha inazidi kwa pointi 24, masafa ya uhakika yakiwa 16 hadi 32. Huchukui 24, unachukua ncha ya tahadhari, 16, kwa sababu huenda faida yote ni hiyo tu. Ukiruhusu upungufu wa pointi 16, unaruhusu tiba isiyofanya lolote iitwe si duni. Basi unadai tiba mpya ihifadhi sehemu ya faida hiyo, mara nyingi nusu, na ukomo unakuwa 8. Mwongozo wa FDA wa mwaka 2016 kuhusu majaribio haya hufuata njia hiyohiyo ya hatua mbili. Kwa ukomo wa 8, kundi lako linakuwa 419.

Msingi wa pili ni wa kitabibu, na hauhitaji hesabu bali maamuzi: ni wagonjwa wangapi zaidi kati ya 100 uko tayari wasipone ili wengine wamalize dawa mapema, wapate madhara machache, na usugu wa vimelea usichochewe? Ukomo wa mwisho ni ule ulio mdogo kati ya misingi hii miwili. Kama msingi wa kihistoria unakupa 8 na madaktari wenzako wangekubali 10, unatumia 8. Kama historia inakupa 8 lakini hakuna daktari angekubali zaidi ya 5, unatumia 5, na kama fedha hazitoshi, basi jaribio hilo halifanyiki kwa sura hiyo.

Angalia pia jinsi maana ya ukomo inavyobadilika uponaji ukiwa tofauti na makisio. Uponaji wa kweli ukiwa asilimia 95 badala ya 85, kanuni itakuambia wagonjwa 100 kila kundi wanatosha kwa ukomo wa 10. Inafurahisha, mpaka ukumbuke kwamba wasiopona sasa ni 5 kati ya 100, na ukomo wako unaruhusu wawe 15, mara tatu. Jaribio limekuwa rahisi na swali limekuwa la ajabu. Uponaji ukiwa 75, utahitaji 395, na ukiwa na 268 nguvu yako imepungua kimyakimya. Andika mapema kwenye itifaki mtafanya nini ikiwa uponaji wa kundi la siku 10 utatoka mbali na 85. Kuamua baada ya kuona data hakumridhishi mtu.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika mpango wako, hata hivyo, ni kuweka `d` kuwa sifuri. Umesema hutarajii siku 5 ziponye zaidi. Je, una hakika haziponyi pungufu kidogo? Mtu aliyepunguza dawa kwa nusu anapaswa angalau kulifikiria hilo. Tuseme ukweli ni 83, pengo la pointi 2 ambalo wewe na mimi tungelivumilia bila kusita. Umbali hadi ukomo sasa ni 8, si 10, na unahitaji 441 kila kundi. Ukiendelea na 268, nguvu yako si asilimia 90 tena bali takriban 71. Yaani tiba inayokubalika kabisa ina nafasi karibu 3 kati ya 10 ya kushindwa kuthibitishwa, na ripoti itasomeka kana kwamba siku 5 zimefeli. Kinyume chake, ukiamini siku 5 zinaponya kwa pointi 2 zaidi, kanuni inashuka hadi 176, na wapo wanaoitumia nafasi hiyo kupunguza gharama. Mimi ningekuomba usiguse huko bila ushahidi wa nguvu. Kwa mpango wako ningeandika jedwali dogo lenye pengo la 0, 1 na 2, kisha nichague namba inayostahimili angalau pengo la 1.

Sasa nigusie wanaopotea na wasiofuata tiba, kwa sababu hapa tabia ya majaribio haya ni kinyume na mazoea. Katika jaribio la ubora, uzembe humwumiza anayedai: makundi yakichanganyika, tofauti hufifia na madai hayathibitiki. Katika kutokuwa duni, kufifia kwa tofauti ndiko unakokutafuta, hivyo uzembe hukusaidia. Chukua hali hii: siku 5 kwa kweli huponya asilimia 73 tu, pungufu ya pointi 12, tiba isiyofaa kwa ukomo wako. Lakini robo ya wagonjwa wa kundi hilo wanapata dawa zaidi mahali pengine na kumaliza siku 10, wakapona kwa asilimia 85 kama wenzao. Kundi zima sasa linaonekana kupona kwa asilimia 76. Pengo limeshuka hadi 9, ndani ya ukomo. Na hapa kuongeza sampuli hakuponyi kitu. Kadiri sampuli inavyokuwa kubwa, ndivyo utakavyothibitisha kwa uhakika zaidi jambo lisilo kweli.

Ndiyo sababu huchambui tu kila mtu kulingana na kundi alilopangiwa, kama ilivyo desturi. Unachambua pia waliofuata itifaki ipasavyo, na unataka majibu yote mawili yaelekee upande mmoja. Uchambuzi huo wa pili una kasoro yake, maana waliofuata masharti si sampuli ya bahati nasibu tena, na huenda ni wale ambao hawakuugua sana. Kwa hiyo hakuna uchambuzi mmoja unaoaminika peke yake. Kwa ukubwa wa sampuli maana yake ni kwamba 268 inapaswa kuwa idadi ya watakaobaki kwenye uchambuzi mkali zaidi. Ukikisia asilimia 10 wataondoka, gawanya 268 kwa 0.9, upate 298 kila kundi, jumla 596. Usizidishe kwa 1.1, kosa dogo linalorudiwa sana, litakupa 295. Na usijifariji kwa makisio ya asilimia 10 ikiwa huna utaratibu wa kujua nani amekunywa vidonge vyake.

Programu nyingine zitakupa namba iliyotofautiana kidogo na yangu, hasa zinazotumia njia ya Farrington na Manning, ambayo hukadiria mtawanyiko kwa kuchukulia kwamba upungufu uko kwenye ukomo wenyewe. Tofauti ya aina hiyo si kosa. Taja tu njia uliyotumia. Tofauti kubwa, kama hii ya 219 na 331, ndiyo ya kukushtua.

Kuna hatua ambayo maandishi yangu hayawezi kuifikia. Kabla ya kuwasilisha itifaki, kaa ana kwa ana na mtakwimu wa majaribio ya tiba, pamoja na daktari anayetibu nimonia kila siku, wote wawili mezani kwa wakati mmoja, kwa sababu ukomo ni uamuzi wao wa pamoja. Nenda na tafiti za nyuma ulizozitegemea kupata 85, lile jedwali la mapengo matatu, na makisio yako ya wasiofuata tiba. Ikiwa wagonjwa watapangwa kwa vituo vizima badala ya mtu mmoja mmoja, au ikiwa unakusudia kuchungulia data katikati, mwambie mwanzoni kabisa, maana kanuni niliyokupa haitoshi kwa hali hizo na namba inaweza kupanda sana. Na msimamizi wako akishikilia msimamo wake, mwonyeshe ule mfano wa wagonjwa 17 na 14 kati ya 20, umwulize kama angempa mgonjwa wake siku 5 kwa ushahidi huo.